Mkimbiaji Aliyeganda na Mkimbiaji Anayevutika: Mwongozo Kamili wa Prompti za Picha za Mbio

Ukimwomba mchoraji akuchoree mkimbiaji mwenye kasi, atakuuliza kasi hiyo unataka ionekane vipi. Programu ya akili mnemba haiulizi. Ukiiandikia "mkimbiaji wa kasi, ukungu wa mwendo, picha kali, mwendo umegandishwa", inabeba yote manne na kuyatia chungu kimoja. Unapata mtu mwenye uso wa nta, mguu mmoja umeyeyuka, na nyuma yake ukungu usiojulikana umetoka wapi.

Kosa hilo ndilo linalojirudia kuliko mengine yote. Watu hutaja ukungu bila kusema ni wa nani. Ukungu wa mwendo, yaani ule mvutiko unaoachwa na kitu kinachosogea wakati picha inapigwa, una mwenyewe: au ni wa mkimbiaji, au wa mandhari ya nyuma, au wa mikono na miguu peke yake. Usipomtaja mwenyewe, programu itaumwaga popote.

Tutamtumia mkimbiaji mmoja wa mbio fupi mwanzo hadi mwisho, tumgandishe kwanza aonekane amenaswa hewani, kisha tumvute kwa ukungu wa mwendo.

## Vitu vya kuwa navyo

- Programu ya kuunda picha kwa maandishi, yoyote unayoizoea.
- Faili tupu la maandishi la kuhifadhia kila toleo la prompti, yaani maelezo unayoiandikia programu. Usitegemee kumbukumbu, baada ya matoleo sita hutajua lipi lilikupa nini.
- Picha mbili halisi za mbio za kulinganishia: moja mkimbiaji anaonekana wazi hadi mishipa, nyingine mandhari ya nyuma imekuwa michirizi.
- Uwezo wa kukuza picha hadi asilimia 100. Kwenye skrini ndogo ya simu makosa mengi ya ukungu hayaonekani, na utashangilia picha mbovu.

Prompti zilizomo humu zimeandikwa kwa Kiingereza kwa sababu programu nyingi zimefunzwa zaidi kwa maelezo ya picha ya lugha hiyo. Chini ya kila moja nimeeleza kila kipande kinafanya kazi gani, ili ubadilishe unachotaka bila kubahatisha.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya sentimita

Kabla ya kuandika neno lolote, jua mkimbiaji anasogea kiasi gani wakati shata ya kamera, kile kifuniko kinachopitisha mwanga, imefunguka. Rekodi ya dunia ya mita 100 kwa wanaume ni sekunde 9.58, aliyoiweka Usain Bolt mjini Berlin mwaka 2009. Gawanya 100 kwa 9.58, unapata wastani wa mita 10.4 kwa sekunde.

Sasa ifungue shata kwa 1/2000 ya sekunde. Mwili umesogea nusu sentimita tu, na kwa macho yetu ameganda. Ifungue kwa 1/30, amesogea sentimita 35, yaani zaidi ya urefu wa kiatu chake. Ifungue kwa 1/15, amesogea karibu sentimita 70.

Programu ya picha haina shata, wala haipimi sekunde. Namba hizo zinafanya kazi kwa sababu moja: zimeandikwa pamoja na picha nyingi za kweli, kwa hiyo zinavuta mwonekano wa picha za aina hiyo. Zinasaidia, ila ni msaada mdogo. Anayebeba mzigo ni maelezo ya kile jicho linachokiona, na hesabu hii inakufundisha jicho litaona nini.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa sentensi moja: "Katika picha yangu, kitu hiki kimetulia, kile kimevutika, na kimevutika kuelekea upande huu." Ukishindwa kuisema, usiendelee.

## Hatua ya 2: Andika msingi usiogusa kasi

Huu ndio mkimbiaji wetu. Hakuna neno la ukungu wala la kuganda humu.

```
Sports photograph of a male sprinter in a red vest,
running left to right in lane 4 of an outdoor track,
side view, whole body in frame,
left knee high, right arm forward,
spectators in the stand behind him
```

Kila mstari una sababu. Upande anaokimbilia, kushoto kwenda kulia, unatajwa mapema kwa kuwa michirizi yote baadaye itafuata mstari huo. Usipoutaja, unaweza kupata mtu anayekimbilia kulia huku michirizi inashuka kama mvua. Yamenikuta: nilishatengeneza bango zima, nikalituma, ndipo aliyeliagiza akaniuliza kwa upole kama yule kijana anakimbia au anaanguka kutoka ghorofani.

Mwonekano wa ubavuni ni wa lazima kwa kuanzia. Mkimbiaji anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera hapiti kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine, anaongezeka ukubwa tu, na michirizi yake ni shughuli nyingine kabisa.

Goti la kushoto juu, mkono wa kulia mbele. Mtu anapokimbia, mkono na mguu vinavyotangulia ni vya pande tofauti. Programu hulisahau hili mara kwa mara na kukupa mtu anayetembea kama roboti, mkono na mguu wa upande mmoja mbele pamoja. Andika wazi.

Toa picha nne hadi nane kwa msingi huu peke yake. Ukiona mkao umekaa sawa katika nyingi, msingi umekubali. Ukiona viungo vimepotoka, rekebisha hapa hapa. Ukungu haufichi mguu mbovu, unauongezea ubovu.

Programu yako ikiwa na sehemu ya `seed`, yaani namba ambayo picha inaanzia, nakili namba ya picha uliyoipenda. Ukiirudisha namba hiyo katika matoleo yajayo, picha zitaelekea kufanana, japo hazitakuwa pacha. Kila neno unalobadilisha linasogeza kitu.

## Hatua ya 3: Mgandishe

Ongeza kipande hiki chini ya msingi:

```
both feet off the ground, fast shutter 1/2000 s,
every detail crisp: shoe spikes, neck tendons, spread fingers,
vest rippling backward, grains of track rubber
hanging in the air behind his rear shoe,
hard midday sun, his shadow on the track
clearly separated from his feet
```

Tatizo la picha iliyogandishwa ni kwamba ikikosewa inakuwa sanamu. Hakuna michirizi ya kusema "huyu anakwenda", kwa hiyo kazi hiyo lazima ifanywe na mambo mengine.

La kwanza ni mkao usioweza kudumu. Hakuna mtu anayeweza kusimama na miguu yote miwili hewani, kwa hiyo jicho linajua papo hapo kwamba hiki ni kipande cha tukio. Mkimbiaji aliyekanyaga chini kwa mguu mmoja, mwili wima, anaonekana kama aliyeambiwa ajipange apigwe picha.

La pili ni vitu vidogo vilivyonaswa hewani: punje za mpira zilizorushwa na misumari ya kiatu, tone la jasho, fulana iliyovutwa nyuma na upepo. Taja viwili au vitatu, basi. Ukitaja saba, programu inakumwagia vumbi na jasho hadi mbio zinageuka vita.

La tatu ndilo ninalolipenda zaidi, nalo wengi hawalitaji: kivuli. Kama miguu iko hewani kweli, kivuli hakiwezi kugusa viatu. Kuza picha mpaka uone chini ya soli ya mguu wa nyuma. Lazima pawe na ukanda wa njia ya kukimbilia unaong'aa kwa jua kati ya kiatu na kivuli chake. Kivuli kikiwa kimegandamana na kiatu, ubongo wa mtazamaji unasema "huyu amesimama", hata kama hajui kwa nini anasema hivyo. Ndiyo maana mistari miwili ya mwisho ya prompti imeenda kwa kivuli.

Jua kali nalo halikuwekwa kwa urembo. Shata ya haraka inahitaji mwanga mwingi, na picha nyingi za kweli za aina hii zimepigwa mchana mweupe au chini ya taa kali za uwanja. Ukiomba mwendo uliogandishwa wakati wa machweo yenye kiza, unavuta picha za aina mbili zinazogombana, na mara nyingi ukungu ndio unaoshinda.

Onyo kuhusu mandhari ya nyuma. Watu wengi wakiona watazamaji wamefifia nyuma ya mkimbiaji hudhani huo ni ukungu wa mwendo. Huo ni ukungu wa fokasi, unaotokana na lenzi, nao unakubalika kabisa katika picha iliyogandishwa. Kuutofautisha ni rahisi: tafuta nukta ya mwanga nyuma, kama taa au miwani inayong'aa. Ikiwa imevimba kuwa duara, ni fokasi. Ikiwa imerefuka kuwa mstari, ni mwendo. Ukitaka duara, andika `spectators softly out of focus`, na neno `blur` usiliguse kabisa.

Onyo la pili. Usiandike "bila ukungu" ndani ya prompti kuu. Programu nyingi huliona neno la ukungu na kulipita neno la kukanusha, na unaletewa kile kile ulichokikataa. Kama programu yako ina kisanduku cha `Negative prompt`, makatazo yaweke humo. Kwa programu ya Midjourney, yaweke mwishoni:

```
--no motion blur, streaks
```

Kama haina mahali pa makatazo, sema unachokitaka tu: kila kitu kinaonekana wazi, hiki na hiki vinaonekana.

Umefaulu kama unaweza kuhesabu vidole vya mikono, unaona ncha za misumari ya kiatu, na bado tumbo linakuambia kwamba sekunde ijayo huyu mtu hatakuwa pale.

## Hatua ya 4: Mvute, kamera ikimfuata

Rudi kwenye msingi wa hatua ya 2. Kipande cha kugandisha kifute chote, usikibakishie hata neno. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaongeza ukungu juu ya prompti ambayo bado ina "kila kitu kinaonekana wazi", kisha wanailaumu programu.

```
panning shot, camera moving with the runner, slow shutter 1/30 s,
his face and chest sharp enough to recognise,
hands and feet smeared along their swing,
spectators and boards stretched into long
horizontal streaks, overcast light
```

Fikiria mpiga picha anayezungusha kamera yake kumfuata mkimbiaji. Kwa kuwa wanakwenda kasi moja, uso na kifua vinabaki karibu mahali pale pale ndani ya fremu, kwa hiyo vinatoka wazi. Jukwaa halikusogea, lakini kamera imelipita, kwa hiyo linavutika kuwa michirizi ya mlalo.

Mikono na miguu ndiyo yenye utamu. Haiendi kasi moja na kifua. Mguu unaotupwa mbele unakwenda haraka kuliko mwili. Mguu uliokanyaga chini umesimama kabisa ardhini, na kwa kamera inayosonga mbele, kitu kilichosimama kinaonekana kurudi nyuma. Kwa hiyo miguu yote miwili inavutika, kila mmoja kwa njia yake. Programu isipoambiwa hivi hukupa mkimbiaji anayeonekana wazi kuanzia kichwani hadi kiatuni, ameketi juu ya michirizi kama karatasi iliyobandikwa. Picha ya namna hiyo inanuka uongo, na sababu ni miguu.

Sema pia "uso wazi wa kutosha kumtambua", usiseme "uso mkali kabisa". Katika picha ya kweli ya 1/30, kichwa hupanda na kushuka kidogo kwa kila hatua, kwa hiyo uso una ulaini fulani. Ukidai ukali kamili, programu inakurudishia picha ya hatua ya 3 yenye mandhari mapya.

Michirizi lazima itajwe kwa upande wake: ya mlalo. Neno la mlalo ndilo linalookoa picha. Na kamera ikiwa ya ubavuni, michirizi ipite sambamba na mistari ya njia ya kukimbilia. Mistari hiyo ndiyo rula yako: kuza picha, angalia mistari myeupe chini, kisha angalia michirizi ya jukwaani. Vikikatana kwa pembe, tupa picha.

Mwanga wa mawingu nao una sababu: unaruhusu shata kukaa wazi muda mrefu, na hautengenezi vivuli vikali vya kupigana na ulaini wa picha.

Umefaulu kama jicho lako linatua usoni kwanza, kisha linateleza kufuata michirizi, na hakuna uso hata mmoja wa mtazamaji wa jukwaani unaotambulika. Ukiona nyuma watu watatu wamesimama wazi katikati ya michirizi, programu imechanganya.

## Hatua ya 5: Mvute, kamera ikiwa imetulia

Hii ni fupi, kwa sababu ni ile ya hatua ya 4 iliyogeuzwa. Kamera iko juu ya tripodi, haisogei. Jukwaa na mistari vinabaki wazi, mkimbiaji ndiye anayevutika.

```
static camera on a tripod, slow shutter 1/15 s,
the runner is a streaked red shape, left to right,
only the planted shoe is clear,
lane lines and spectators perfectly sharp
```

Kiatu kimoja wazi? Ndiyo. Mkimbiaji wa kasi kubwa hugusa ardhi kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde, muda mrefu kidogo kuliko shata ya 1/15. Shata ikiwa wazi, mwili unapita juu ya mguu ule kwa karibu sentimita 70, lakini kiatu kiko chini hakijaondoka. Kwa hiyo katikati ya wimbi jekundu unabaki na kiatu kimoja kilichotulia. Ni maelezo madogo, ila mtu aliyewahi kupiga picha za mbio akiyaona ataamini picha nzima.

Nikuambie ukweli: mstari huu wa kiatu unakataliwa mara nyingi. Hutoka labda kwa picha chache kati ya nyingi. Ukikataa, utoe, usipoteze mchana mzima. Au tengeneza picha bila kiatu, kisha utumie zana ya `Inpaint` kupaka upya eneo la mguu peke yake.

## Hatua ya 6: Ziweke mbili kando kwa kando

Kama lengo lako ni kuonyesha tofauti, weka picha ya hatua ya 3 karibu na ya hatua ya 4, za ukubwa ule ule. Kwa Midjourney, uwiano wa `--ar 3:2` kwa zote mbili unatosha. Usiombe programu itengeneze nusu iliyoganda na nusu iliyovutika ndani ya prompti moja. Maneno ya upande huu yatavuja upande wa pili, na utapata nusu mbili zinazofanana. Tengeneza mbalimbali, ziunganishe mwenyewe.

Fulana iwe nyekundu pande zote, njia ile ile ya 4, upande ule ule wa kukimbilia. Tofauti pekee iwe mwendo. Kwa hili msingi wa hatua ya 2 unanakiliwa neno kwa neno, bila kuugusa.

## Ikikataa

Kila kitu kimekuwa ukungu, pamoja na uso. Maneno ya ukungu ni mengi mno au yametangulia. Sogeza mstari wa uso na kifua uwe juu kabisa ya kipande cha mwendo, na ufute neno moja la ukungu kwa wakati. Uso peke yake ukiwa ndio tatizo, upake upya kwa `Inpaint`.

Michirizi inatoka mbele ya mkimbiaji. Hii hutokea zaidi ukiomba mwako wa flashi uliochanganywa na shata ndefu. Mikia ya mwendo sharti ibaki nyuma, upande alikotoka. Andika `light trails behind his back only` na urudie upande anaokimbilia.

Amevutika, lakini anaonekana anatembea. Ukungu hauongezi kasi kwa mkao wa kivivu. Angalia goti: kwa mbio fupi paja la mbele hukaribia mlalo. Andika `thigh nearly horizontal` kwenye msingi, kisha rudia hatua zinazofuata.

Ameganda, lakini ngozi kama plastiki. Umeweka maneno ya ukali mengi yanayofanana, yaani kali, safi, ya kina, ya ubora wa juu. Yafute yote ubakize orodha ya vitu vyenyewe: misumari, mishipa ya shingo, vidole. Kitu chenye jina hutoka wazi chenyewe.

Badilisha neno moja kwa kila jaribio, kisha uandike kwenye lile faili lako kilichotokea. Ukibadilisha matatu kwa mpigo na picha ikatengemaa, hutajua ni lipi la kulirudia kesho ukiletewa mruka viunzi.